Banda linajaa na kumwagika: kutibu mada inayosikilizwa na wapita njia

Mwanzoni mwa Agosti, viwanja vya Themi pale Njiro vinapokea wakulima wa Arusha, Kilimanjaro na Manyara kwa maonyesho ya Nane Nane ya Kanda ya Kaskazini. Mimi ni afisa ugani, na kwa miaka kadhaa kazi yangu pale imekuwa moja: kusimama mbele ya meza na kueleza mifuko isiyopitisha hewa ya kuhifadhi mahindi, ile ambayo wakulima wengi wanaiita piksi.

Mwaka wa kwanza niliandaa mada ya dakika arobaini, kama ninavyofanya kwenye mkutano wa kijiji. Salamu, utangulizi, hasara ya dumuzi, yule mdudu anayetoboa mahindi ghalani, namna ya kukausha, namna ya kufunga mfuko, bei, maswali. Kijijini watu wameshakaa kwenye mabenchi, na anayetaka kuondoka anaona aibu. Themi hakuna anayekaa. Mtu anapita na miche ya parachichi mkononi, mtoto anamvuta kwenda kuona ng'ombe, anasimama kwako kidogo, anaendelea. Nilimaliza dakika zangu arobaini nikiwa nazungumza na watu ambao hawakusikia hata sentensi moja ya mwanzo, na walioisikia walikuwa wameshafika kwenye mabanda ya mifugo.

Yanayofuata ni magonjwa ya mada ya namna hiyo, jinsi ya kuyatambua, na dawa iliyonifaa. Lakini pima kabla ya kutibu. Mwachie mwenzako azungumze, wewe kaa pembeni na simu yenye saa ya kuhesabu. Chagua kila mtu wa tano anayesimama, anza kuhesabu, simamisha akiondoka. Fanya hivyo kwa watu ishirini. Usitegemee kumbukumbu ya ukiwa mbele, maana ukiwa mbele unawakumbuka waliobaki na kukutikisia vichwa, na walioondoka huwaoni. Nilipopima, wengi walikuwa wameshaondoka kabla ya dakika ya tano. Tangu hapo niliacha kuuliza mada yangu ni ya dakika ngapi, nikaanza kuuliza kituo kimoja cha mtu ni dakika ngapi. Ikiwa wengi wanakaa dakika nne, kila kipande cha mada kiishe kwa dakika tatu, na kiwe na maana hata kwa mtu ambaye hatasikia kingine.

Kwa mahindi nina vipande vitatu: kukausha, kufunga, na kufungua. Mzunguko mzima unachukua kama dakika kumi, kisha unaanza tena. Mtu anaweza kuingia kwenye kipande chochote.

Wanasimama, wanatazama, wanaondoka kabla ya dakika moja

Dalili hii ina visababishi vitatu na kwa macho vinafanana, kwa hiyo usikisie. Mfuate mtu hatua chache nje ya banda umuulize. Mimi huuliza hivi: "Shikamoo mama, samahani, hapo ulipotoka walikuwa wanazungumzia nini?"

Akijibu "mifuko ya mahindi, ninayo nyumbani," huna tatizo naye. Ameelewa, hakuhitaji. Akijibu "sikusikia, yule wa trekta anapiga kelele," tatizo ni spika ya jirani, na kuipandisha ya kwako ni kuanzisha vita ambayo wote mtashindwa. Geuza meza ili usikilizaji uwe ndani ya banda, wasogeze watu karibu, na uzungumze bila maiki na watu kumi wanaokusikia badala ya thelathini wasiokusikia. Hilo halina mengi zaidi.

Jibu la tatu ndilo la kutibu: "Sijui baba, nimeona mnatikisa chumvi kwenye chupa." Huyu alikuwa na hamu. Aliona kitu cha ajabu, akasimama, akasubiri aambiwe ni nini, na kila sentensi aliyoisikia ilimtegemea mtu aliyesikia sentensi ya kabla yake. "Sasa hii ya pili, kama nilivyosema, ikinata basi ujue bado." Ya pili kati ya ngapi? Nini kinanata? Bado nini? Mgeni akifika nyumbani kwako hupiga hodi nawe ukamjibu karibu, ukampa kiti. Kwenye banda mgeni hapigi hodi. Anasimama tu nyuma ya mabega ya wenzake, na usipompa karibu bila kuombwa anaondoka kimya kimya.

Kwa hiyo kila baada ya dakika mbili au tatu ninatoa karibu. Ina mambo matatu: hapa tunafanya nini, kilicho mkononi mwangu ni nini, na kinachofuata ni kipi. Yangu ni hii:

"Hapa ni mahindi kukaa mwaka mzima bila dawa na bila kuharibika, yakiwa yamekauka. Chupa hii inapima kama yamekauka. Nikimaliza nafunga mfuko huu."

Isome kwa sauti, haifiki sekunde kumi na tano. Anayetangaza mpira redioni anaijua kazi hii: kila baada ya muda anarudia dakika ya ngapi, nani anacheza na nani, mabao mangapi, kwa sababu anajua kuna mtu amewasha redio sasa hivi. Konda wa daladala pale Kilombero, Arusha, naye hasemi "tunaenda kule tulikosema," anataja Njiro kila mlango unapofunguka. Hakuna abiria wa ndani anayemlalamikia.

Maneno yale matatu yapate pia mwili wa kuonekana. Juu ya meza yangu kuna kibao chenye picha tatu kubwa, chupa, mfuko unaofungwa na mfuko unaofunguliwa, na mshale wa mbao unaohamishwa kwa mkono. Nikiwa kwenye kufunga, mshale uko kwenye picha ya pili. Anayefika wakati nimevuta pumzi anausoma mwenyewe. Mwanzo niliandika maelezo marefu kwenye bango, yakapendeza sana, na hakuna aliyeyasoma akiwa amesimama mita tatu na miche mkononi.

Waliokuwepo tangu mwanzo wanaanza kuangalia simu

Umeanza kutoa karibu, wapya wanabaki, lakini sasa wale wa mwanzo wanachoka. Wengi wakifika hapa wanaacha kabisa kurudia. Wasiache. Ugonjwa haupo kwenye kurudia, upo kwenye namna ya kurudia, na mara nyingi ni moja ya hizi mbili.

Ya kwanza ni kurudi nyuma. Mtoa mada anamwona mgeni anaingia, anasema, "Kwa wale waliochelewa, tulianza kwa kusema kwamba," kisha anasimulia dakika sita zilizopita. Waliokuwepo wamesimamishwa wasubiri. Aliyefika naye ameambiwa mbele za watu kuwa amechelewa, wakati hakuna aliyemwekea saa. Neno "waliochelewa" nimelifuta kabisa, pamoja na "kama nilivyosema" na "tutakuja kuona." Karibu haimrudishi mtu nyuma. Inamkalisha pale ulipofika.

Ya pili ni kusema karibu ileile kwa maneno yaleyale ukiwa umesimamisha mikono. Msikilizaji wa zamani anahisi kanda imerudishwa. Dawa yake ni kuisema huku kazi inaendelea, na kuifanya ibebe kitu kimoja ambacho wa zamani hajakisikia. Mfano nikiwa katikati ya kufunga:

"Karibuni. Mahindi haya yameshakauka, tumeyapima kwa chumvi, sasa nayafungia hewa wadudu wakose pumzi. Huu mfuko wa ndani kabisa naukamua kuanzia chini kwenda juu, kwa sababu hewa ninayoiacha juu ndiyo chakula cha dumuzi wiki ya kwanza."

Sentensi ya pili ni karibu ya mgeni. Ya tatu ni mpya kwa kila mtu. Aliyekaa dakika nane hajapoteza hata moja.

Kuna jambo lingine la kwetu ambalo vitabu vya kutoa mada havilizungumzii, salamu. Mzee akiingia ukiwa katikati ya sentensi, huwezi kujifanya hujamwona. Ukimsalimia peke yake unakatisha, na baada ya dakika moja anaingia mwingine. Nilihangaika na hili mpaka nikaona kwamba salamu yenyewe ndiyo kiungio. Siku hizi ninawasubirisha wote mpaka mwisho wa kitendo nilicho nacho mkononi, kisha nasema, "Shikamooni wazee wangu mliofika, karibuni," wanaitikia marahaba, na karibu inafuata hapohapo. Salamu inawaamsha wa zamani, inawasogeza wapya, na inanipa mimi nafasi ya kuangalia ni nani yuko mbele yangu sasa. Usiitoe kila sekunde thelathini, hapo itageuka mzaha.

Mtu anaondoka na nusu ya ujumbe, na nusu hiyo inamdhuru

Hii ndiyo sababu ya kuandika yote haya. Mwaka mmoja mama mmoja alinifuata banda likiwa limepungua watu. Tukasalimiana.

"Wewe ndiye ulisema mfuko huu hautaki dawa?"

"Ndiyo mama, ni mimi."

"Niliweka gunia nne. Nimefungua mwezi wa tatu, yananuka kama pombe, mengine kijani. Nimemwaga."

Nikamuuliza aliyaweka yakiwa na siku ngapi juani. Alipukuchua na kuweka wiki hiyohiyo, mvua zilikuwa zinakaribia. Nikasema, taratibu, kwamba huwa tunaeleza kuhusu kukausha. Akanitazama. "Hapa? Hapa hamkusema kukausha. Mlisema hakuna hewa, hakuna mdudu, hakuna dawa. Nikanunua, nikaondoka."

Alikuwa sahihi. Mimi nilisema kukausha, lakini nilisema dakika saba kabla hajafika. Mfuko ule hufanya kazi kwa kuzuia hewa: wadudu waliomo wanatumia oksijeni iliyobaki mpaka inapungua mno, wanaacha kula, wanakufa. Unyevu hauna pa kutokea. Mahindi mabichi ndani ya nailoni mbili yanachacha na kuota ukungu, na baadhi ya ukungu wa mahindi hutoa sumukuvu. Watu wa kanda yetu hawahitaji kuhadithiwa mbali. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara, na wakulima wa Manyara ni wageni wetu pale Themi. Bora mama yule alimwaga. Wengine huosha na kusaga, na kuosha hakuondoi sumu hiyo.

Kosa langu halikuwa kwenye ukweli wa mada. Nilikuwa nimeweka ahadi kwenye kipande kimoja na sharti lake kwenye kipande kingine. Kwa watu waliokaa kwenye mabenchi hilo halina shida, vyote vitawafikia. Kwa wapita njia, ahadi ni tamu na inakumbukwa, sharti linabaki kwa wale waliokuwa wamesimama dakika ileile.

Namna ya kulitambua kabla halijaleta hasara ni kuikata mada kwa mkasi. Andika unachosema, neno kwa neno, kwa kipande kimoja. Kisha weka kidole kwenye kila nukta na uulize: mtu akiondoka hapa, akifika nyumbani jioni atafanya nini? Hiki kilikuwa kipande changu cha kufunga kabla ya mama yule:

"Mfuko huu hauhitaji dawa yoyote. Unajaza mahindi, unakamua hewa, unafunga. Unaweza kukaa nayo mwaka mzima. Kumbuka tu yawe yamekauka vizuri."

Akikatiwa nukta ya kwanza, ataacha kununua dawa. Ya pili, atajaza mahindi yoyote aliyonayo. Ya tatu, atajaza na kutulia. Sharti linakuja nukta ya nne, na kwa neno "tu," kana kwamba ni nyongeza. Sasa nasema hivi:

"Mahindi makavu yanakaa mwaka kwenye mfuko huu bila dawa, mabichi yanaoza humohumo. Haya nimeyapima, ni makavu, ndiyo maana nayajaza. Nakamua hewa, nasokota, nakunja, nafunga kamba. Mfuko wa pili hivyohivyo, kisha gunia la nje."

Kata popote unapotaka. Neno "makavu" lipo kwenye sentensi ya kwanza pamoja na ahadi, limefungwa kwenye kitendo kilekile, na halitoki bila mwenzake. Kuoza nakutaja kabla ya kufunga. Kanuni yangu kwenye kila mada ya wapita njia ni kutafuta kwanza ni nusu ipi inayoweza kumuumiza mtu, na kuhakikisha kwamba haiwezi kutoka bandani peke yake. Ikiwa nusu haina madhara, mtu akisahau mfuko wa tatu unaitwaje, basi asahau.

Kwa mambo ya hatari nimeongeza mlango wa kutokea. Kila kipande kinaisha na maneno yaleyale: "Ukiondoka sasa, ondoka na hili," kisha jambo moja. Mwisho wa kufunga ni "usifunge kabla ya kupima kwa chumvi." Watu wana adabu, wengi husubiri usemi uishe ndipo waondoke. Mwisho wa kipande ndipo wanapoondoka kwa wingi, basi pale ndipo pa kuwapa cha kubeba.

Onyesho halilingani na muda wa mtu

Kipimo cha chumvi kinachukua zaidi ya robo saa. Unachukua chupa kavu yenye kifuniko, unatia mahindi kama theluthi, unaongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, unatikisa vizuri, unaacha itulie kama dakika kumi na tano. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi bado ni mabichi. Isiponata, yameanza kufaa. Mtu wa dakika nne hawezi kuona mwanzo na mwisho. Nilipokuwa natumia chupa moja, aliyeona kutikisa hakuona jibu, na aliyeona jibu hakujua limetoka wapi. Ndiyo yule mama wa kwanza: "nimeona mnatikisa chumvi."

Dawa ni ile ya mpishi anayeonyesha keki. Weka hatua zote mezani kwa wakati mmoja. Nina chupa nne. Ya kwanza naitikisa mbele ya watu. Ya pili ilitikiswa mzunguko uliopita, inatulia. Ya tatu na ya nne zimeshakamilika, moja ya mahindi mabichi na kuta nyeupe kwa chumvi, nyingine ya makavu na kuta safi, nazo nampa mtu azishike, azigeuze, aone mwenyewe. Kila mzunguko iliyotikiswa inakwenda kutulia, na iliyotulia inarudi mbele kutikiswa; hizi mbili za mwisho hazihami. Anayefika wakati wowote anaona mwanzo, katikati na mwisho kwa kugeuza shingo. Kwa mfuko ni hivyohivyo: mmoja unajazwa, mwingine ulifungwa miezi mitatu kabla ya maonyesho, nao ndio unaofunguliwa. Huo wa kufungua unahitaji mpango wa mapema, na usiufungue zaidi ya mara moja kwa siku ukidhani utabaki mfano mzuri. Kila ukifungua unaingiza hewa. Beba midogo kadhaa ya kilo chache, mmoja kwa kila siku ya maonyesho, na baada ya kuufungua asubuhi onyesha yaliyomo kwenye ungo mpaka jioni.

Kuna ugonjwa mmoja wa chupa ambao ulinisumbua kabla sijaujua. Saa mbili asubuhi chupa ya mahindi makavu nayo inanata, na mkulima anakwambia kipimo chako ni uongo. Mahindi hayana kosa. Agosti ya Arusha ni baridi na ukungu, na chumvi iliyolala kwenye sahani imevuta unyevu wa usiku. Kaushia chumvi kwenye kikaango au juani siku moja kabla, ihifadhi kwenye kopo lenye kifuniko, na chupa ikaushwe ndani. Ukikuta imenata, waambie watu sababu hapohapo, maana nyumbani kwao Ngaramtoni au Machame asubuhi itakuwa na ukungu uleule.

Na usikipe kipimo nguvu kisichokuwa nayo. Chumvi inayakamata mahindi yaliyo juu ya asilimia 15 hivi ya unyevu. Kwa mfuko usiopitisha hewa tunataka mahindi yasizidi asilimia 13.5. Katikati kuna mahindi yanayofaulu chumvi lakini hayajafaa mfuko. Mimi huongeza kwenye karibu ya kipande cha kukausha: "Chumvi isiponata, anika tena siku mbili za jua kali ndipo ufunge, au lete kidogo tuyapime." Baadhi ya ofisi za ugani zina kipima unyevu, na mahindi kidogo yanatosha.

Swali moja linameza mzunguko

Anatokea mtu makini ana swali refu kuhusu panya, au bei ya mfuko wa mwaka jana. Ukimjibu kwa dakika tano, wote waliosimama wapya wanasikia nusu ya mazungumzo yasiyo yao. Rudia swali kwa sauti na kwa ufupi ili lieleweke kwa aliyefika sasa, lijibu kwa sentensi mbili, na mengine yapeleke pembeni kwa mwenzako aliyekaa kwenye kiti. Kiti hicho cha pembeni kinasaidia kuliko vipeperushi vyote. Ikiwa swali lilelile linarudi kila mzunguko, lihamishie kwenye meza. Tuliulizwa sana kama dumuzi anaweza kutoboa nailoni. Anaweza, ndiyo maana ziko mbili na ndiyo maana mahindi yapepetwe na kusafishwa kabla ya kujazwa. Tuliweka kipande cha nailoni kilichotobolewa juu ya meza, na swali likawa linajibiwa kwa kidole.

Wewe mwenyewe unapotea

Mzunguko wa tano au wa sita unaanza kuruka mambo. Unajua umesema kuhusu kukausha, na umesema kweli, ila uliwaambia watu wa saa nne. Kumbukumbu yako inafuata mdomo wako, haifuati nyuso zilizo mbele yako. Dalili ni kwamba mizunguko inafupika na wewe unaona umeboreka. Mwombe mwenzako apime: ule wa kwanza ulikuwa dakika kumi, wa sita umekuwa sita. Dakika nne hizo ni zile sharti zilizoangukia njiani.

Nimetumia punje za mahindi. Punje tatu kwenye mfuko wa kulia wa koti, nahamisha moja kushoto kila nikitoa karibu iliyo na neno "makavu." Mzunguko ukiisha na punje bado iko kulia, najua kuna watu wameondoka nusu. Lakini dawa ya kweli ni kubadilishana. Baada ya mizunguko miwili ninakaa kwenye kiti cha pembeni, mwenzangu anasimama. Kwenye kiti ndipo unaposikia kwa masikio ya anayepita, na mara nyingi nimerudi mbele nikabadilisha neno moja.

Hakuna mtu kabisa

Tarehe 8 mgeni rasmi akiingia, viwanja vyote vinakimbilia uwanja mkubwa na banda linabaki na upepo. Wengi hukaa, wakisubiri watu wajae ndipo waanze. Hilo linafaa kijijini. Pale Themi hakuna atakayesimama mbele ya watu watatu waliokaa wanaangalia simu, na hakuna atakayeingia kwenye hotuba ya mtu anayeongea na viti. Usianze kuongea. Anza kufanya. Chukua chupa ya kwanza, itikise polepole, kelele ya punje kwenye plastiki inasikika hatua kumi. Wa kwanza atasimama kwa mbali ajifanye anatazama kitu kingine. Usimwite. Inua chupa ya kuta nyeupe na ya kuta safi, moja kila mkono, na akishasogea mpe ya kuta nyeupe aishike. "Shikamoo mzee. Hiyo uliyoshika ni mabichi, yangeoza kwenye mfuko." Umeanzia kwenye kukausha, kwa kuwa hapo ndipo mikono yako ilipo. Sogeza mshale kwenye picha ya kwanza.